Je, Wajua? Mita Mia Mtaani, Kilomita Mbili na Nusu Angani

Je, wajua kwamba mawimbi ya redio yakipita mahali pasipo na kitu chochote hayapungui hata chembe? Nguvu yote iliyotoka kwenye antena bado ipo, ila imetandazwa. Ni kama puto: mpira ni uleule uliokuwamo mwanzo, lakini kadiri unavyopuliza ndivyo ngozi yake inavyokuwa nyembamba. Mawimbi yakifika mita 100 kutoka kwenye mtambo, nguvu ile imetandazwa juu ya tufe lenye eneo la mita za mraba 125,664, na antena yako inakinga kipande kidogo mno cha tufe hilo. Nyingine yote inakupita. Hicho ndicho wahandisi wanachokiita upotevu katika anga wazi, ingawa kwa kweli hakuna kilichopotea.

Ukisogea mbali mara mbili, eneo la tufe linakuwa mara nne, nawe unabaki na robo. Ukisogea mara kumi, unabaki na sehemu moja ya mia. Wahandisi hupenda kuhesabu kwa desibeli, na hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyoogopwa: desibeli 10 ni kupungua mara kumi, desibeli 20 ni mara mia, na desibeli 3 ni nusu. Kwa hiyo kanuni nzima ya anga wazi unaweza kuibeba kichwani: kila umbali unapozidishwa kwa kumi, toa desibeli 20.

Je, wajua kwamba kanuni hii ina mwenyewe? Aliiandika Harald Friis, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi katika Maabara ya Bell nchini Marekani, katika makala fupi ya mwaka 1946. Makala hiyo ina jambo ambalo wengi wanaoitumia kanuni leo hawalijui. Tumezoea kuambiwa kwamba masafa ya juu yanapotea zaidi njiani, na kanuni inayoandikwa siku hizi inaonekana kusema hivyohivyo:

```
L = 32.4 + 20 log10(f) + 20 log10(d)
```

Hapo f ni masafa kwa gigahezi, d ni umbali kwa mita, na L ni upotevu kwa desibeli. Ukipandisha f, L inapanda. Lakini siyo hewa inayokula masafa ya juu. Kanuni hii imeandikwa kwa antena ya kufikirika inayorusha na kupokea sawasawa pande zote, na eneo la antena hiyo linategemea urefu wa wimbi. Kwa masafa ya 2.4 gigahezi yanayotumiwa na waifai, eneo lake ni kama sentimita za mraba 12. Kwa gigahezi 28 ni milimita za mraba 9 tu, ambazo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Ni kama kukinga mvua: aliyepungua hapa ni mkingaji, mvua ni ileile.

Friis mwenyewe aliandika kanuni yake kwa eneo la antena mbili, na katika sura hiyo mambo yanageuka: ukiweka antena zenye ukubwa usiobadilika pande zote mbili, masafa ya juu yanafikisha nguvu *zaidi*, kwa sababu antena kubwa kuliko wimbi lake huukusanya mwale kuelekea upande mmoja. Nashauri kila anayejifunza fani hii aisome kanuni kwa sura ile ya kwanza kabla ya kuzoea hii ya desibeli. Atajiepusha na dhana potofu inayowasumbua watu miaka mingi.

Je, wajua mahali ambapo kanuni ya Friis inafanya kazi karibu bila dosari? Juu ya kichwa chako. Setilaiti ya GPS iko takriban kilomita 20,200 juu yetu, na upotevu hadi ardhini ni kama desibeli 182. Ni namba kubwa, lakini hailazimishi kubahatisha: unaichomeka kwenye kanuni, unapata jibu, na angahewa inaongeza kidogo tu. Taabu inaanza katika mita chache za mwisho, mawimbi yanapoteremka katikati ya maghorofa. Basi tubaki huko chini, mtaani, ambako kuna mambo mengi.

Je, wajua kwamba kuna mji ambao umepimwa kona kwa kona ili kujua mawimbi yanapungua kiasi gani mtaani? Ni New York. Mwaka 2012 Theodore Rappaport na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York waliweka mitambo ya kurusha mawimbi ya gigahezi 28 juu ya majengo ya Manhattan, kisha wakazunguka na kipokezi mitaani. Wakati huo wengi waliamini kwamba masafa hayo hayafai kabisa kwa simu za mkononi mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na yalisaidia kufungua mlango wa 5G kutumia masafa hayo.

Mtaani hawakutumia kanuni ya Friis peke yake. Walitumia kanuni ya logi ya umbali, ambayo inaanza na Friis halafu inaachana naye:

```
PL(d) = PL(1 m) + 10 n log10(d) + X
```

Tuisome taratibu. Sehemu ya kwanza, PL(1 m), ni upotevu wa anga wazi katika mita 1 ya kwanza, kwa kuwa mita 1 kutoka kwenye antena bado hakuna jengo lililoingilia. Kwa gigahezi 28 ni desibeli 61.4. Sehemu ya pili ina herufi n, yaani kipeo cha umbali, inayosema mawimbi yanadhoofika kwa kasi gani. Katika anga wazi n ni 2, na haibadiliki, maana inatoka kwenye umbo la tufe. Mtaani n haitoki kwenye umbo lolote. Inatoka kwenye vipimo vya watu waliotembea. Herufi ya mwisho, X, ndiyo roho ya jambo lote, na nitaifikia.

Huko Manhattan, mahali ambapo kipokezi hakikuuona mtambo kwa sababu ya majengo, n ilikuwa kama 3.4. Sasa tufanye hesabu ya mita 100. Katika anga wazi: 61.4 na 40, jumla 101.4. Mtaani nyuma ya jengo: 61.4 na 68, jumla 129.4. Tofauti ni desibeli 28, yaani nguvu imepungua zaidi ya mara 600 kuliko Friis alivyoahidi. Ukitaka kuipata tofauti hiyo kwa umbali peke yake, ingekubidi usogee angani hadi kilomita 2.5. Mita mia za mtaani, kwa aliyefichwa na jengo, zina uzito wa kilomita mbili na nusu za angani.

Je, wajua kwamba katika mtaa huohuo, ukiuona mtambo kwa macho, Friis anarudi kuwa mkweli? Vipimo vya Manhattan vya mahali panapoonana vilitoa n ya karibu 2.1. Kwa mita 100 hiyo ni desibeli 103.4, ziada ya desibeli 2 tu juu ya anga wazi. Mabasi, nguzo, watu na vioo vya maduka vyote vipo, lakini mwale wa moja kwa moja unavishinda. Tena kuta za pande mbili huweza kusaidia: mtaa mrefu wenye maghorofa kushoto na kulia unakuwa kama mfereji unaoyaongoza mawimbi yasitawanyike, na mara nyingine n hushuka chini ya 2. Watu husema mjini mawimbi yanakufa haraka. Usemi huo unahitaji kusahihishwa: yanakufa kwenye kona. Ukikunja kutoka barabara inayoonana na mtambo kuingia mtaa wa pembeni, katika hatua chache tu unaweza kupoteza desibeli 20 au zaidi, maana mawimbi yanayokufikia sasa ni yale yaliyopinda kwenye ukingo wa jengo au kudunda ukutani.

Ndiyo maana kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni kuchanganya vipimo vya mahali panapoonana na vya mahali palipofichwa, kisha kupitisha mstari mmoja katikati. Unapata n ya 2.8 au 3, inayoonekana ya busara, na haisemi kweli juu ya mtaa wowote. Dalili yake ni rahisi kuiona ukichora nukta zako: badala ya wingu moja unaona mawingu mawili, moja juu ya lingine, na mstari wako umepita kwenye nafasi tupu iliyo kati yao.

Je, wajua kwamba hata kwa anayeuona mtambo, umati wa watu unaweza kuuvuta karibu ule umbali ambapo mambo yanaharibika? Mawimbi yanakufikia kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kudunda barabarani. Mbali kiasi, njia hizo mbili zinakaribia kulingana urefu na zinaanza kufutana, na hapo n inaruka kutoka 2 hadi 4. Kwa antena ya mita 10 juu ya nguzo na simu iliyoshikwa mita 1.5, kwa gigahezi 2, jiometri tupu inasema mruko huo uko kwenye mita 400. Lakini kanuni za 3GPP, jumuiya inayoandika viwango vya simu, zinapunguza mita 1 kwenye kila kimo kabla ya kuhesabu. Sababu ni kwamba kwenye mtaa wenye shughuli mawimbi hayadundi kwenye lami. Yanadunda juu ya magari na vichwa vya watu. Sakafu ya redio imeinuka. Mruko unahamia mita 120. Aliyewahi kupenya Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Dar es Salaam, mchana wa siku za sikukuu atakubali bila ubishi kwamba lami haionekani.

Je, wajua nini hasa maana ya X? Hapa naomba tukae, kwa sababu ndipo kanuni mbili zinapoachana kitabia, siyo kwa ukubwa wa namba tu.

Chukua mtambo mmoja, kisha weka alama mahali 50 mitaani, zote zikiwa mita 100 kamili kutoka kwake na zote zikiwa zimefichwa na majengo. Friis anatoa namba moja kwa zote 50. Ukienda kupima, unakuta namba 50 tofauti. Mmoja yuko nyuma ya jengo la zege la ghorofa kumi, mwingine nyuma ya kibanda kimoja, wa tatu ana ukuta wa vioo ng'ambo ya barabara unaomrudishia mawimbi. Umbali ni ule ule. Kilichosimama njiani sicho. Wahandisi hukiita kivuli, na jina limefaa: kama kivuli cha jua, kinategemea umesimama upande gani wa jengo.

X ni hicho kivuli kikiwa kimeandikwa kwa lugha ya bahati. Huwezi kujua kabla ya kupima X ya mahali fulani ni ngapi, lakini ukizikusanya X za mahali pengi na kuzipanga, zinakaa katika umbo la kengele: nyingi zimerundikana karibu na sifuri, chache ziko mbali kila upande. Maelezo yanayozoeleka ni haya. Kila kizuizi njiani kinazidisha upotevu, na kuzidisha kukihesabiwa kwa desibeli kunageuka kuwa kujumlisha. Ukijumlisha vitu vingi vidogo visivyotegemeana, unapata kengele. Upana wa kengele hupimwa kwa sigma. Katika vipimo vya Manhattan vya gigahezi 28, sigma ilikuwa kama desibeli 3.6 mahali panapoonana, na 9.7 mahali palipofichwa.

Hiyo 9.7 ichunguzwe vizuri. Ina maana takriban theluthi mbili za mahali zimo ndani ya desibeli 9.7 kutoka katikati, juu au chini. Lakini mtu mmoja kati ya kumi atakuwa na upotevu uliozidi wa katikati kwa desibeli 12.4 au zaidi, na mmoja kati ya ishirini kwa desibeli 16. Huyo wa mwisho, mita 100 kutoka kwenye mtambo, ana desibeli 145. Kwa simu yake hakuna tofauti kati ya hali hiyo na kutokuwapo kabisa kwa mtambo. Na mwenzake aliyebahatika, kwa umbali huohuo, anaweza kuwa na 113, akashangaa jirani analalamikia nini.

Je, wajua kwamba kanuni hizi mbili, zikipewa kifaa kilekile, zinaweza kutofautiana mara sabini na zaidi juu ya mtambo mmoja unahudumia umbali gani? Tuchukue kifaa kinachovumilia upotevu wa desibeli 135; ukizidi hapo, mazungumzo yanakatika.

Mpangaji wa kwanza anatumia Friis. Kutoka 61.4 hadi 135 ana nafasi ya desibeli 73.6. Anagawa kwa 20, anapata 3.68, na kumi kwa kipeo hicho ni karibu mita 4,800. Anaweka mtambo na kuchora duara la kilomita 4.8.

Mpangaji wa pili anatumia n ya 3.4. Nafasi ni ileile, 73.6, lakini sasa anagawa kwa 34 na kupata 2.165, yaani mita 146. Anachora duara lake akidhani amemaliza. Hajamaliza. Mita 146 ni umbali ambapo upotevu wa *katikati* ni 135, na katikati maana yake nusu ya watu wako juu yake. Pale kwenye ukingo wa duara lake, mtu mmoja kati ya wawili hana mawasiliano.

Mpangaji wa tatu anauliza swali la ziada: nataka watu wangapi kati ya kumi walioko ukingoni waongee? Akisema tisa, anatenga kwanza desibeli 12.4 kwa ajili ya kivuli. Zinabaki 61.2, anagawa kwa 34, anapata 1.8, na jibu ni mita 63.

Kilomita 4.8, mita 146, mita 63. Kifaa kimoja, mji mmoja. Hesabu hii haijaweka antena za mwelekeo, ambazo masafa haya huzitegemea sana kurudisha desibeli nyingi, kwa hiyo usiichukue kuwa ukubwa halisi wa mtandao wa Manhattan. Lakini tofauti kati ya wapangaji watatu ni halisi. Mimi huona hatari kubwa iko kwa yule wa pili kuliko wa kwanza. Wa kwanza atagundua kosa lake siku ya kwanza, kwa sababu hakuna kitakachofanya kazi. Wa pili ramani yake itaonekana sawa, vipimo vya wastani vitamuunga mkono, na malalamiko yatatoka kwa watu waleule wa nyumba zilezile, naye atawaambia kwamba kwenye ramani yake wana mtandao.

Je, wajua kwamba mtaa unaweza kukudanganya kwa kukaa kimya? Timu inapokwenda kupima, kipokezi chake kina mwisho wa kusikia. Huko New York, ukishapita mita 200 hivi, mahali pengi hapakusikika kitu. Sasa fikiria aliyepima anachora nukta zake. Mita 50 ana nukta za kila aina, nzuri na mbaya. Mita 250 ana nukta chache, na zote ni nzuri, kwa sababu mbaya hazikusikika na hazikuandikwa. Akipitisha mstari, waliobahatika wa mbali wanauvuta, mteremko unalegea, n inatoka ndogo kuliko ilivyo, na sigma nayo inapungua. Mji unaonekana mpole kuliko ulivyo kwa sababu wale walioumia hawamo kwenye hesabu.

Namna ya kuutambua udanganyifu huu ni kuuliza, kila unapoonyeshwa n, mahali pangapi palipimwa na hapakusikika kitu. Kama jibu halipo, n hiyo haijakamilika. Pia angalia mtawanyiko wa nukta ukienda mbali: zikianza kubanana kana kwamba kuna dari lisiloonekana juu yake, dari hilo ni mwisho wa kusikia wa kipokezi, siyo tabia ya mtaa. Sababu hiyohiyo inanifanya nipende mstari uliotiwa nanga kwenye mita 1 kuliko ule ulioachwa uanzie popote. Ulioachwa huru hupita vizuri zaidi katikati ya nukta zilizopo, lakini ukiutumia nje ya umbali uliopimwa waweza kukupa mambo yasiyowezekana.

Je, wajua kwamba n inabadilika ukipandisha antena tu, bila kugusa mji? Yoshihisa Okumura na wenzake walipima Tokyo na viunga vyake na kuchapisha michoro yao mwaka 1968. Masaharu Hata akaigeuza kuwa kanuni mwaka 1980. Ndani ya kanuni ya Hata, antena ikiwa mita 30 juu, n ni 3.5. Ipandishe hadi mita 200 na n inashuka hadi karibu 3. Maghorofa ya Tokyo hayakusogea. Lakini kanuni hiyo haifai chini ya kilomita 1 wala chini ya antena ya mita 30, kwa hiyo mtambo mdogo kwenye nguzo ya taa haumo ndani yake, hata kama programu ya kompyuta itakubali kukupa jibu.

Je, wajua kwamba waweza kukiona kivuli kwa simu yako leo? Simu nyingi za Androidi huonyesha nguvu ya mawimbi katika mipangilio, kwenye taarifa za simu, chini ya hali ya laini ya simu. Kwenye aifoni piga `*3001#12345#*`. Utaona namba hasi zenye `dBm`, kwa mfano `-82 dBm`. Kadiri inavyozidi kuwa hasi ndivyo mawimbi yalivyo dhaifu, na kila 10 ni mara kumi.

Tafuta mnara unaoujua mahali ulipo. Kariakoo panafaa, kwa kuwa mitaa yake imekatana kama mistari ya daftari la hesabu: simama mahali unapouona mnara, soma namba, kisha kunja kona uingie mtaa unaoukata, na uendelee kusoma. Mambo matatu yatakuharibia kipimo usipoyaangalia. La kwanza ni simu kuhamia mnara mwingine kimyakimya. Soma namba ya utambulisho wa seli, na ikibadilika, anza upya. La pili ni mwili wako mwenyewe, ambao ukiwa kati ya simu na mnara unapunguza desibeli kadhaa. Shika simu namna ileile na geukia upande uleule kila mara.

La tatu ni gumu zaidi, na linawachanganya hata waliosoma. Ukisogeza simu sentimita chache namba inaruka, juu na chini, bila mpangilio. Hicho siyo kivuli. Ni mawimbi yaliyodunda kwenye kuta mbalimbali yanayokutana na kufutana, na yanabadilika ndani ya nusu ya urefu wa wimbi, ambayo kwa megahezi 1800 ni kama sentimita 8. Yaondoe kwa kutembea polepole mita 6 au 7 na kuchukua wastani wa usomaji wote. Wastani huo ndio nukta yako moja.

Kisha usiweke nukta ya pili karibu sana. Kivuli cha jengo hakikomi ghafla. Katika kanuni za 3GPP za mitaa ya mjini, vivuli vya mahali palipofichwa vinaendelea kufanana hadi kama mita 13, na mwaka 1991 Mikael Gudmundson alishapendekeza namna ya kuueleza mfanano huo unaofifia kadiri unavyosogea. Ukichukua nukta 20 nyuma ya jengo lilelile, umepima kivuli kimoja mara 20. Vuka barabara, uingie nyuma ya jengo lingine, na hapo ndipo nukta ya pili inapohesabika.